Malezi upya kwa mkwepaji sugu: tunaishia wapi?

Mwanzisha mada: Mgonjwa miaka 34, mkwepaji sugu, kikao cha 22 cha tiba ya skima, ile inayoshughulikia mifumo ya hisia na mawazo iliyojengeka tangu utotoni. Anawahi, anakubali kila kitu, habadiliki. Nimruhusu anitumie ujumbe katikati ya wiki, au nibane?

Kiti Tupu: Kwanza jiulize ni nani anayekuitikia, maana ndani yake zimo sehemu kadhaa zinazopokezana. Kazini Mlinzi Mkwepaji anamtoroshea mikutano. Kwako hawezi kutoroka, basi Mtiifu anashika zamu: "sawa, nimeelewa." Mtoto Mpweke hujamwona bado, na Mzazi Mwadhibu anamnong'oneza kwamba ukimjua utamchoka. Muulize nini kilimkera kikao kilichopita. Akisema "hakuna" mara ya tatu, umekuwa ukimlea mlinzi.

Pilipili: Kumlea mtu wa miaka 34! Ndiyo maana hawakui.

Binti Tulivu: Pilipili, hakuna aliyembeba mgongoni. Malezi upya ni kukidhi sehemu tu ya alichokosa utotoni, ndani ya mipaka ya kazi. Na ule utafiti wa Uholanzi wa tiba hii ulikuwa vikao 50 kwa mwaka mmoja, watu wakapona.

Kiti Tupu: Dada, 40 mwaka wa kwanza, 10 vya kuimarisha mwaka wa pili. Na wapo ambao hawakupona.

Pilipili: Kumbe mnabishana hesabu. Hoja yangu imekwepwa. Mtaani mtu huyo anaitwa mpole, mwacheni.

Mwanzisha mada: Mpole anayekaa na barua ya kupandishwa cheo miezi minne bila kuijibu? Huo si upole, ndugu.

Pilipili: Labda hakitaki hicho cheo.

Binti Tulivu: Mimi ningeruhusu ujumbe. Aonje usalama kwanza.

Kiti Tupu: Hapo ndipo malezi yanapogeuka maficho. Atakuandikia wewe yale aliyopaswa kumwambia bosi wake, apate nafuu, na bosi asijue lolote. Ukiruhusu, uwe mmoja kwa wiki, wa kueleza alichofanya, si alichoogopa.

Kikaoni, mhamishie mlinzi kiti kingine, mgonjwa akae hapo aseme kama mlinzi, umhoji: alianza lini, anamkinga na nini, anamgharimu nini. Usimfukuze, ukimfukuza anarudi na tabasamu. Mlinzi akilegea ndipo uingie kwenye taswira, yaani tukio la utotoni analolirudia akilini. Tuseme ni siku aliyochekwa akisoma kwa sauti darasani. Mara za mwanzo ingia wewe, mnyamazishe mwalimu, umuulize mtoto anahitaji nini. Baadaye aingie yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima. Ikiwa miezi inapita na bado anakusubiri wewe uingie, umekuwa mzazi wa kudumu.

Halafu akupinge wewe kwa jambo dogo, mathalani saa ya kikao, kabla ya kumpinga yeyote kazini.

Binti Tulivu: Akipinga kwa sababu umemwagiza, si utiifu uleule?

Kiti Tupu: Mara ya kwanza, ndiyo. Tazama uso: Mtiifu hapingi bila kuomba radhi papo hapo.

Mwanzisha mada: Juzi alisema chumba kina baridi, akaomba radhi mara mbili. Nikafunga dirisha nikaendelea.

Pilipili: Na barua je?