Bima ya moto ya duka: jengo tu, jengo na bidhaa, au kutaja mzigo kila mwezi?

Mchuuzi_Chake
Assalaam alaykum. Nna duka la nguo Chake Chake, jengo letu wenyewe, mbele duka na nyuma stoo. Mwaka jana nilichukua mkopo benki, wakanilazimisha jengo nilikatie bima ya moto. Inaisha wiki ijayo, na wakala safari hii kaniletea njia tatu. Ya kwanza niendelee na hii ya jengo. Ya pili jengo pamoja na bidhaa, kiasi kimoja mwaka mzima. Ya tatu bidhaa niwe nazitaja thamani yake kila mwezi.

Mie siku zote nilijua likiungua duka vyote vimo. Karatasi yangu imeandikwa "jengo linalotumika kama duka la nguo, shilingi 100,000,000". Duka la nguo bila nguo ni duka gani? Au huyu ananiuzia kitu kimoja mara mbili?

Yakhe_Wete
Anakupiga huyo yakhe. Bima ya moto ni ya moto. Ukiunguliwa na nguo za milioni 40 si bado umo ndani ya milioni 100 zako? Mie niliuliza ya kwangu, nikaambiwa hata zimamoto wakikurowanishia mzigo wakati wa kuzima unalipwa.

Mzee_wa_Mafaili
Yakhe, la maji ni kweli, lakini kwa mzigo uliomo kwenye bima. Hilo la kwanza si kweli, na limeshaliza watu.

Nimeshika mafaili ya madai Unguja miaka 11. Moja lilikuwa la duka la vitambaa, karatasi yake kama hii ya Mchuuzi, neno kwa neno karibu. Moto ulianzia kwenye waya juu ya dari. Nilipofika asubuhi kulikuwa na majora yameungua nje, ndani bado meupe, na doti za kanga zimelowa mpaka rangi ya moja imeingia kwenye nyengine. Mtathmini akahesabu jengo limeharibika kwa milioni 22 na mzigo milioni 38. Jengo lilikuwa na bima ya milioni 120, kwa hiyo yule bwana alikuwa anapiga hesabu kama Yakhe: 60 ndani ya 120, hamna shida. Kalipwa zile 22, zimepunguzwa kile kiasi anachobeba mwenyewe. Mzigo hakulipwa hata senti.

Zile milioni 120 si mfuko wa kuchota. Zimeandikwa mbele ya neno "jengo" na zinabaki hapo hapo: kuta, paa, sakafu, milango. Maneno "linalotumika kama duka la nguo" yanaiambia kampuni ya bima hatari inayoibeba, maana jengo lenye majora linawaka kuliko jengo la ofisi, na ada inapangwa kwa hilo. Ni maelezo ya jengo. Hayaingizi nguo kwenye bima, kama vile ukiandika "nyumba ya kuishi" hujakatia bima fenicha.

Na hata zile 22 hakuzishika mkononi. Benki ilikuwa imeandikwa kama mlipwaji wa kwanza, zikaenda kwenye deni. Benki ilitaka dhamana yake ilindwe, na dhamana ilikuwa jengo. Nguo si shughuli yao.

Mchuuzi_Chake
Subhanallah. Nimeitoa yangu nikaisoma tena. Kuna mstari wa pili umeandikwa "Bidhaa" na mbele yake pana kistari tu. Mwaka mzima sikuuona.

Bi_Darajani
Mie nimepanga Darajani, mwenye nyumba kasema nyumba yake ina bima. Kwa hiyo mie nipo salama, au nimuongezee kodi?

Mzee_wa_Mafaili
Bibi, hiyo ni bima ya nyumba yake. Nguo zako hana haki nazo, hawezi kuzikatia kama mali yake. Kata ya kwako, ya bidhaa peke yake. Huhitaji kuwa na jengo.

Mchuuzi_Chake
Haya, ya kwanza nimeitupa. Baina ya ya pili na ya tatu? Siku za kawaida nna mzigo wa kama milioni 30. Kuanzia Shaaban mpaka Idi unafika 60.

Mzee_wa_Mafaili
Kwanza hizo ziwe bei ulizonunulia pamoja na usafiri. Bei ya kuuzia usiiguse, faida hailipwi hapa.

Ya pili ni nyepesi, ila ina mtego. Ukiandika 30 na moto ukatokea siku una mzigo wa 60, watasema umekatia nusu. Sasa zikiungua nguo za milioni 20 hulipwi 20, ijapokuwa ni ndogo kuliko 30. Unalipwa 10, kwa sababu nusu nyengine ya hatari ulijibebea mwenyewe. Ukiandika 60 uko salama, lakini unalipia 60 hata miezi duka lina 30.

Ya tatu inatibu hilo. Mnaandika kilele, 60. Unatanguliza ada, mara nyingi robo tatu yake, ni sawa na kulipia 45. Kila mwisho wa mwezi unapeleka thamani ya mzigo. Miezi 9 ya 30 na miezi 3 ya 60 wastani wake ni 37.5, na mwisho wa mwaka wanakurejeshea tofauti. Ubaya wake: ukisahau kupeleka, mwezi huo unahesabiwa 60. Ukipeleka hesabu ndogo kuliko ukweli, fidia inapunguzwa vile vile. Na maduka madogo mara nyingi wananyimwa.

Kanga_na_Leso
Mie sina subira ya kuandika kila mwezi. Nilikubaliana nao kiasi cha kawaida, halafu kipande cha msimu kina tarehe zake. Mwaka wa kwanza sawa. Mwaka wa pili wakanakili tarehe zile zile! Ramadhani inatangulia siku 10 au 11 kila mwaka, wao wameganda na kalenda ya ukutani. Mzigo umeshashuka bandarini, nyongeza bado haijaanza. Niligundua kwa bahati. Kila ukihuisha tazama tarehe.

Yakhe_Wete
Haya nimeshindwa, kesho natazama yangu. Lakini nusu ya mzigo wangu ni mali kauli, sijaulipia. Huo utalipwa nani?

Mzee_wa_Mafaili
Inategemea mmekubaliana vipi. Kama umeuziwa kwa deni, ni wako, na ukiungua deni liko pale pale, kwa hiyo uhesabu. Kama unauza na kisichouzika unarejesha, hicho ni cha mwenyewe, na lazima iandikwe kwamba bima inachukua na bidhaa za watu ulizowekewa. Bila maneno hayo utabishana nao miezi. Na daftari la mzigo lisilale dukani. Nimeona madai yanakwama kwa sababu ushahidi wote uliungua pamoja na nguo.

Abu_Nasra
Mbona hamsemi takaful? Wengine bima hizi za kawaida hatuzitaki.

Mzee_wa_Mafaili
Ni haki yako, lakini suala linabaki hilo hilo. Huko nako kuna mstari wa jengo na mstari wa bidhaa.

Mchuuzi_Chake
Nimempigia wakala. Ya tatu kasema kwa duka langu hawatoi, nimechukua njia ya Kanga_na_Leso: 30, na 60 kwa msimu. Stoo ya nyuma nimesema itajwe. Limebaki moja: makabati ya mninga yamepigiliwa ukutani, kama milioni 7. Wakala anasema ni jengo, mwenzake ofisini anasema ni samani, nayo haikuandikwa.

Mzee_wa_Mafaili
Nimeona yakiamuliwa kote kuwili. Yape mstari wake na bei yake.

Kanga_na_Leso
Yangu waliyaweka kwenye jengo na benki haikusema kitu. Ila yangu ya mbao laini.