Mbinu ya kudabo loti: tumzuie mwalimu au tumwache?

Mratibu, Mwanga: Wana kikundi, kuna mwalimu anawafundisha vijana wetu hapa Kigoma mjini, kwenye biashara ya forex, kuongeza oda bei ikienda kinyume, tena kila oda inakuwa mara mbili ya iliyotangulia. Wengine wanasema wanakula kila siku, wengine wanasema anawachomesha akaunti. Tumzuie au tumwache?

Mzee wa Chati, Gungu: Mwacheni. Mimi naitumia na inalipa. EURUSD, yaani bei ya euro kwa dola, haishuki mfululizo, lazima ipumue. Na ukidabo huhitaji bei irudi ulikoanzia: ikipanda kidogo tu unafunga oda zote ukiwa na faida.

Mlinda Mtaji, Ujiji: Hilo la kupanda kidogo ni kweli, na ndilo linalowanasa watu. Hebu tuifuate hesabu hadi mwisho. Akaunti ina dola 500, levereji 1:500, yaani kwa dola 1 yako unashika biashara ya dola 500. Unanunua EURUSD loti 0.01, yaani euro 1,000, bei ikiwa 1.1000, na kila ikishuka pipsi 20, yaani 0.0020, unadabo: 0.02, 0.04, 0.08, 0.16, 0.32. Bei ikipumua mapema unafunga na dola 2, 4, labda 8. Siku nyingi ndivyo inavyokwenda.

Sasa ishuke pipsi 120 bila kupumua. Una oda sita, jumla loti 0.63, na hasara inayoelea ni dola 240. Unataka kufungua ya saba, loti 0.64. Broka anaikataa, simu inaandika `Not enough money`, kwa sababu dhamana ya oda sita na hasara yake vimeshakula nafasi yote. Kwa hiyo mbinu inakatika pale pale ulipoitegemea. Kila pipsi moja chini sasa inakula dola 6.30. Kwa broka anayefunga oda `Margin Level`, yaani mtaji uliobaki ukilinganishwa na dhamana, ikifika asilimia 50, pipsi 30 nyingine zinatosha, na unabaki na kama dola 69. Hapo sijaweka spredi, ile tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Ukiwa unakula dola 4 kwa mzunguko, unahitaji mizunguko zaidi ya 100 kurudisha pigo hilo moja, na EURUSD kutembea pipsi 150 upande mmoja si ajabu hata kidogo.

Mama Dagaa, Kibirizi: Sielewi kosa liko wapi. Mimi nanunua dagaa, bei ikishuka naongeza magunia, wastani unashuka. Nikipeleka Dar nauza, napata.

Mlinda Mtaji: Mama, wewe dagaa umewalipia taslimu. Bei ikilala, unawaweka stoo unasubiri, hakuna anayekuja usiku kukuuzia kwa lazima. Huku kwetu loti 0.63 ni euro 63,000, na kijana ana dola 500. Kusubiri si uamuzi wake. Na hata wewe, nadhani huongezi mara mbili kila bei inaposhuka.

Mama Dagaa: Nikifanya hivyo mtaji wote ungeishia kwenye gunia la mwisho.

Mzee wa Chati: Basi dawa ni kuongeza mtaji. Nitaweka dola 1,000.

Mlinda Mtaji: Ya saba itafunguka, ya nane itakataliwa, na broka atakufunga bei ikiwa imeshuka kama pipsi 169 badala ya 150. Yaani dola 500 za ziada zimekupa karibu pipsi 20 tu za kupumua. Nick Leeson, mfanyabiashara wa benki ya Barings ya Uingereza, alikuwa na fedha za benki nzima nyuma yake. Aliendelea kuongeza mikataba ya Nikkei, faharasa ya hisa za Japani, kwenye hasara, tetemeko la Kobe likapiga Januari 1995, na Barings ikafa kwa hasara ya pauni milioni 827.

Mwanafunzi, Katubuka: Lakini mwalimu ametuonyesha historia yake, karibu oda zote zina faida.

Mlinda Mtaji: Historia ni ya oda zilizofungwa. Mwambie afungue ukurasa wa `Trade` mbele yenu, mlinganishe `Balance`, yaani salio bila oda zilizo wazi, na `Equity`, yaani salio hilo pamoja na faida au hasara inayoelea. `Balance` ikipanda kama ngazi huku `Equity` ikiwa mbali chini yake, hasara ipo, ila haijafungwa.

Mzee wa Chati: Na nikigawa oda tatu sawa, 0.01 kila moja, na `Stop Loss` moja ya kuzifunga zote pipsi 60 chini ya ya kwanza? Hiyo nayo mtaizuia?

Mlinda Mtaji: Hapo ukipigwa unapoteza dola 12, na ulizijua kabla ya kuingia. Sina ugomvi nayo. Ila utapigwa mara nyingi zaidi kuliko ulivyozoea, na kama maingizo yako ni mabovu, hata hiyo itakumaliza polepole.

Mzee wa Chati: Hilo ndilo siwezi. Kufunga hasara kila wiki huku najua ingerudi!

Mratibu: Wanaotaka azuiwe bado hawajafika nusu. Jumamosi mwalimu aje na simu yake, aifungue mbele ya wote, ndipo tupige kura.