Naomba ushauri: jibu la mfano kuhusu demokrasia ya Benin

Wakuu, habari za kazi. Naandaa jibu la mfano kwa wanafunzi wa kidato cha sita. Swali: "Je, kukabidhiana madaraka kwa amani mara mbili kunatosha kusema demokrasia imekomaa?" Nimechagua Benin, maana Ghana kila mtu anaiandika.

Kigugumizi changu ni mahali pa kuanzia kuhesabu. Mwaka 1991 Soglo alimshinda Kérékou, aliyetawala tangu mapinduzi ya 1972. Mwaka 1996 Kérékou akarudi kwa kura. Wanafunzi wengi wataishia hapo: mbili zimetimia. Lakini kipimo cha mwanasayansi wa siasa Huntington, ndicho chenye sharti hilo la mara mbili, kinauchukua uchaguzi wa kwanza wa mpito kama mwanzo tu. Anayehesabiwa ni mshindi wake anaposhindwa na kuondoka. Kwa hiyo 1996 ndiyo ya kwanza, na ya pili ni 2006, Yayi Boni alipoingia. Napo pana utata, kwani Kérékou hakushindwa na mtu: katiba ilimzuia kugombea tena.

Halafu 2019, chini ya Rais Talon, vyama vya upinzani havikuruhusiwa kushiriki uchaguzi wa bunge. Viti vyote 83 vikaenda kwa vyama viwili vilivyomuunga mkono rais. Kwangu hilo linatosha kujibu "hapana".

Mliowahi kusahihisha mitihani: mwanafunzi aliyehesabu 1991 na 1996, kisha akafika 2019 kwa hoja nzuri, mngempa alama kamili au mngemkata?