Glirisidia, lusina au mjohoro? Naomba msaada wa kutambua kwa picha za majani na maganda

MkulimaMlali
Wakuu, habari zenu. Nipo Mlali, wilaya ya Kongwa. Nataka kupanda miti ya kurutubisha udongo katikati ya mahindi mvua zikianza. Nimenunua miche kwenye kitalu kimoja nikaambiwa yote ni glirisidia, lakini nikiilinganisha na glirisidia ya jirani yangu naona majani hayafanani vizuri. Nimeweka picha tatu. Ya 1 ni jani la mti wa jirani, ya 2 ni jani la mche wangu, ya 3 ni maganda makavu niliyookota kando ya barabara, wanasema ni ya lusina. Naomba mnitambulishie. Na kati ya glirisidia na lusina, upi unafaa shamba la mahindi huku kwetu kwenye ukame?

Kibaigwa_Sokoni
Usijisumbue ndugu. Zote tatu ni jamii ya kunde, maganda yanaonyesha wazi. Mti ukiwa na ganda kama la maharage, unaweka naitrojeni ardhini. Panda ulichonacho, mvua haisubiri.

MamaViriba
Kaka Kibaigwa, kwamba ni jamii ya kunde ni kweli, lakini si kila mti wa jamii hiyo unaotengeneza vinundu kwenye mizizi. Mjohoro huu uliojaa Dodoma mjini una maganda mengi, ila vinundu hauna, na naitrojeni hauongezi. Ndiyo maana nataka tuitazame picha ya 2 kwa makini, kwa sababu nina wasiwasi nayo.

Mlali, glirisidia na mjohoro majani yake yamepangwa namna inayokaribiana: kijiti kimoja katikati, majani madogo yamesimama wawili wawili pande zote mbili. Ukiangalia kwa haraka unachanganya. Pa kuangalia ni mwisho wa kijiti. Glirisidia inamalizia na jani moja peke yake kwenye ncha, kwa hiyo ukihesabu majani madogo unapata namba witiri: saba, tisa, kumi na tatu. Mjohoro unamalizia na jozi, namba inagawanyika kwa mbili. Picha yako ya 1 inaonyesha jani la ncha vizuri sana. Ya 2 umekata ncha nje ya picha, na hapo ndipo jibu lilipo.

Hata hivyo kuna dalili nyingine kwenye hiyo ya 2. Majani madogo yana ncha butu, ya mviringo, na katikati ya ncha kama kuna kibonyo kidogo. Juu yanang'aa, ni magumu kidogo. Glirisidia jani dogo limechongoka, ni laini, na ukiligeuza chini limepauka, mara nyingi lina mabaka ya kijivu au zambarau. Tafadhali chukua majani matatu kutoka miche tofauti, maana jani la ncha huweza kudondoka na kukudanganya. Yalaze juu ya karatasi nyeupe, moja juu, moja chini, na uweke sarafu ya shilingi 200 pembeni ili tujue ukubwa.

Mfugaji_Bahi
Kuhusu lusina, mimi naitoa kwa mbuzi na inawanenepesha. Ila punda wangu aliyekuwa akishinda kwenye ua wa lusina alianza kudondosha nywele za mkia na shingo. Nilidhani ni ugonjwa wa ngozi. Nikamtoa pale, zikarudi. Je, glirisidia nayo inafanya hivyo kwa punda?

MamaViriba
Pole sana kwa punda. Hiyo ni sumu iliyomo ndani ya lusina yenyewe. Punda, farasi na nguruwe inawaumiza zaidi, na hata mbuzi wasipewe lusina tupu kila siku, wachanganyiwe na malisho mengine. Glirisidia tatizo lake si hilo, lakini punda nisingempa, nayo ina sumu zake. Ng'ombe na mbuzi huikataa mwanzoni kwa harufu, ukiinyausha kidogo wanaanza kuizoea. Lakini tumsaidie kwanza mwenye picha.

MkulimaMlali
Nimerudi, nimeongeza picha. Mama, majani ya miche yangu yote yanaishia na mawili. Mwisho wa kijiti hakuna jani la peke yake. Nimehesabu kwenye miche kadhaa, yote inagawanyika kwa mbili. Chini hayana mabaka yoyote. Ya jirani nimehesabu kumi na tatu, na ncha imechongoka kama ulivyosema.

MamaViriba
Basi ya jirani ni glirisidia, na miche yako kwa picha hizi ni mijohoro. Ukitaka kujiridhisha, chukua mche mmoja, chana kiriba, osha udongo taratibu kwenye ndoo bila kuvuta mizizi. Ukikuta vinundu, pasua kimoja kwa ukucha. Ndani pakiwa na wekundu, kinafanya kazi. Lakini ukikosa vinundu peke yake si ushahidi, hata glirisidia halisi huweza kukosa kama udongo wa kitalu una samadi nyingi au mche bado mchanga. Jani ndilo la kuaminika hapa.

Miche usiitupe. Ipande mpakani, mjohoro unatoa kuni na nguzo nzuri. Kwenye mistari ya mahindi usiuweke, utagombania maji na mazao bila kukurudishia naitrojeni.

Kibaigwa_Sokoni
Kwa hiyo la maganda halisaidii kabisa?

MamaViriba
Linasaidia sana kutofautisha mti na mti. Ganda la glirisidia ni bapa, pana kama kidole gumba, likikauka linapasuka kwa mlio na vipande viwili vinajisokota. Ndani kuna mbegu chache, za duara na bapa. La mjohoro ni jembamba, refu, lina matuta ya kukatisha juu ya kila mbegu, na mbegu ni nyingi. Maua pia: glirisidia ni ya pinki, mjohoro ni ya njano.

Mpwapwa_Mjuzi
Naomba kupinga picha ya 3 kuitwa lusina. Lusina maganda yake yananing'inia kwa kishada, mengi kutoka sehemu moja, ni ya kahawia na membamba kiasi cha kuona alama ya mbegu. Hayo ya picha yana rangi ya majani makavu na yanaonekana mapana. Mimi naona ni mkingu.

MkulimaMlali
Yalikuwa chini, sikuona kishada. Mti wenyewe una majani ya vijiti vinavyogawanyika tena, majani madogo mengi.

MamaViriba
Lusina na mkingu yote miwili imegawanyika mara mbili, hivyo hapo bado hatujapata. Pima jani dogo moja. La lusina ni jembamba, lina urefu wa sentimita moja hivi. La mkingu ni pana zaidi, sentimita mbili na kuendelea. Piga picha asubuhi, maana lusina jua likiwa kali hukunja majani na picha haisomeki. Ganda nalo pima upana: lusina haifiki sentimita tatu, mkingu huzidi. Kwa picha ya sasa isiyo na sarafu mimi sitii neno.

Mpwapwa_Mjuzi
Mimi nabaki na mkingu. Na kwa mahindi nashauri glirisidia, lusina inamwaga mbegu na kuota ovyo, utapalilia miche yake kila msimu.

Mfugaji_Bahi
Hapo siafiki. Ukiikata kabla haijafunga maganda haisambai, na mbuzi wanaila yote. Huku Bahi inakaa vizuri tu.

MkulimaMlali
Asanteni wote. Jirani amekubali nichukue mbegu kwake. Niyachume maganda yakiwa kijani au nisubiri yapasuke?

MamaViriba
Usisubiri, yakipasuka mbegu zinarushwa mbali. Chuma yakianza kugeuka njano na kahawia, tandaza juani, funika kwa gunia ili zisiruke. Vipandikizi vya matawi navyo huota, ila mti wa mbegu unashusha mzizi chini zaidi, na kwa mvua zetu mimi ningekwenda na mbegu.