Gumzo la familia ya Newala: Baba Swaumu bado yuko wodini

Mama Swaumu: Assalaam alaykum wakubwa na wadogo. Naomba niseme humu kabla sijaamua jambo kwa hasira. Tangu avunjike paja kwa ile ajali ya bodaboda, mume wangu yuko hospitali ya Ndanda, mguu umefungiwa uzito, na daktari kasema hatoki mpaka picha ioneshe mfupa umeunga. Hilo nimelikubali. Lakini kabadilika. Nikipiga simu anasema "nipo" halafu kimya. Juzi nimetoka Newala alfajiri, nimefika kajifunika shuka usoni. Akaniambia nisirudi tena, nikaangalie maisha yangu. Mbele ya mama mkwe. Nimelia njia nzima.

Mjomba: Pole sana mwanangu. Nauli kwenda na kurudi ni kiasi gani siku hizi? Tuchange.

Mama Swaumu: Ahsante mjomba, nauli ninayo. Naogopea ndoa yangu.

Kaka Issa: Shemeji, usiyaweke moyoni. Mtu kulala chali mchana na usiku si mchezo. Wewe mpelekee habari nzuri tu. Korosho, madeni, homa za watoto, vyote subiri mpaka atoke. Na ukienda beba mafuta ya nazi umkande miguu, damu itembee.

Shangazi Somoe: Waalaykum salaam. Issa, ni kweli kulala vile kunamchosha mtu akili, lakini hayo mengine ngoja kwanza. Mama Swaumu, nijibu: nani anamwogesha? Nani anampa chombo cha choo?

Mama Swaumu: Mama mkwe. Nikifika ananiambia pumzika umetoka mbali, basi nakaa benchi mpaka muda wa kuona wagonjwa uishe.

Shangazi Somoe: Nilidhani hivyo. Nimefanya kazi wodi ya mifupa mpaka nastaafu, na maneno ya "usije tena" nimeyasikia kwa wanaume wengi waliofungiwa uzito. Fikiria hali yake. Ana pini imepita kwenye mfupa chini ya goti, kamba inapita kwenye kapi, mawe yananing'inia, kitanda kimeinuliwa miguuni. Mtu mzima aliyevunjika paja anakaa hivyo wiki sita, wengine hata kumi na mbili. Hawezi kujigeuza. Mama yake mzazi anamfuta kama mtoto, halafu mkewe anaingia na nguo za safari na kukaa benchi kama mgeni. Anaona aibu mwanangu, na aibu hiyo anaitoa kwa ukali.

Mama Swaumu: Sasa nifanye nini shangazi? Mama mkwe nitamwambiaje aondoke?

Shangazi Somoe: Huyo niachie mimi, ni wifi yangu. Nitampigia nimwambie ukifika yeye aende akalale, naye amechoka. Kazi ya mwili wa mumeo uishike wewe siku hiyo. Omba nesi akuwekee pazia au kizuizi. Lakini usimfanyie kila kitu. Juu ya kitanda kuna chuma cha kushikia, anaweza kujiinua. Mpe beseni aoge mwenyewe uso, kifua na mikono, mpe wembe na kioo anyoe ndevu. Wewe malizia mgongo na pale asipofika. Mkiwa kwenye kazi hiyo ndipo ataongea. Ukimkalia mbele na kumuuliza "una nini mume wangu" hatasema.

Kaka Issa: Na mafuta?

Shangazi Somoe: Mabega, mikono na kichwa, mkande mpaka alale. Shavu la mguu usiliguse, mtu aliyelala muda mrefu damu inaweza kuganda mle. Kisigino au makalio yakiwa mekundu usisugue, unaiharibu zaidi nyama iliyokwisha kubanwa. Mwambie nesi. Mguu ukivimba na kuuma ghafla, au akibanwa kifua, mwite nesi mbio.

Mama Swaumu: Mara ile aliniomba niyanyanyue yale mawe kidogo apumue. Nilimwonea huruma lakini nesi akapita, nikaacha.

Shangazi Somoe: Alhamdulillahi nesi alipita. Yale mawe yananing'inia muda wote, hayagusi sakafu wala kitanda. Ukiyainua, misuli ya paja inajivuta, mifupa inapandana, mguu unaweza kuunga mfupi. Akilalamika maumivu mwite nesi aangalie kamba. Na wewe kaa upande wa kichwa, usikalie miguuni.

Wifi Fatu: Mimi wa kwangu yuko gerezani, si hospitali, lakini kuna kitu kinafanana. Muda wa kuonana ni mfupi na askari amesimama pale. Mwanzoni tulikuwa tunaumaliza kwa "hujambo, sijambo, watoto hawajambo". Sasa kabla ya kwenda naandika mambo ninayotaka aamue yeye. Mtoto aende shule ipi. Bati tuezeke mwaka huu au mwakani. Anatoka pale ana kitu cha kufikiria, na jibu linakuja kwa barua. Barua zinasomwa kabla hazijamfikia, kwa hiyo maneno ya chumbani hatuandikiani, lakini bado anajua yeye ni baba wa nyumba.

Shangazi Somoe: Fatu, Mungu akubariki. Ndiyo maana sikukubaliana na Issa. Ukimfichia korosho mkulima wa Newala msimu huu, umemwambia hahesabiki. Mama Swaumu, mpigie jioni akishakula. Asubuhi madaktari wanapita, na wakimsafisha pini anaumwa. Usianze na "unaendeleaje". Muulize jambo la shamba ambalo kweli unahitaji jibu lake.

Mama Swaumu: Yapo. Korosho nimeokota magunia kadhaa, chama cha msingi wanapokea, na sijui nipeleke sasa au nisubiri mnada unaofuata. Na akaunti ya malipo ni ya jina lake.

Shangazi Somoe: Basi muulize hilo. Kama anaweza kukuandikia idhini, aseme yeye.

Kaka Issa: Shangazi, nakubali kuhusu korosho. Lakini lipo jingine. Mwenye pikipiki ya ile ajali anataka alipwe gharama za matengenezo. Nimemficha kaka kwa makusudi. Nikimwambia leo hatalala.

Wifi Fatu: Atasikia tu, Issa. Wa kwangu tulimficha msiba, akausikia kwa mahabusu aliyetoka huku kwetu. Muda mrefu hakutaka kuja kuonana nami.

Kaka Issa: Huyo ni mzima wa mwili, wifi. Huyu ana pini mguuni.

Shangazi Somoe: Mimi ningemwambia, ana kwa ana, si kwa simu. Lakini kwanza tujue hali yake. Mama Swaumu, anakula? Analala? Amewahi kusema bora afe?

Mama Swaumu: Kula anakula kidogo. Usiku halali, mama anasema. Hilo la kufa sijalisikia.

Shangazi Somoe: Mwambie nesi kuhusu usingizi. Ukisikia la kufa, usilibebe peke yako, mwite nesi saa hiyohiyo. Mambo ya chumbani nakufuata inboksi, hapa wapo vijana.

Mjomba: Kwa hiyo nauli haichangwi?

Wifi Fatu: Mjomba, ichangwe ya mama, naye akapumzike nyumbani siku mbili.

*Kesho yake, saa tatu usiku*

Mama Swaumu: Nimempigia. Nikamuuliza korosho. Kwanza kimya. Halafu akasema nizianike tena, nitikise nisikie zinavyogonga ndani ya ganda, nisipeleke mbichi zikashuka daraja. Akauliza nani ananisaidia kuokota. Tumeongea mpaka salio limekata. Kuja kwangu hajakukubali, amesema tu nikija nibebe wembe.

Shangazi Somoe: Beba na kioo. Mama mkwe wako nimeshaongea naye, Jumamosi anakupisha.

Kaka Issa: Mwenye pikipiki kapiga tena jioni hii. Nimjibu nini?

Mjomba: Nipe namba yake, nitaongea naye mimi. Kumwambia Baba Swaumu, tutaamua Jumamosi ikipita.

Wifi Fatu: Mimi bado nasema aambiwe.