Nyanya robo eka Nyando, tangi la lita 5,000: hizi milimita 6 kwa siku nazigeuzaje kuwa maji ya shamba?

MkulimaNyando
Wadau, habari za jioni. Nataka kuhamisha miche ya nyanya shambani mwanzoni mwa Desemba, robo eka, dripu. Kisima ni kifupi, nina pampu ya sola na tangi la lita 5,000. Nimepewa karatasi yenye ETo ya Kisumu, yaani milimita za maji ambazo jua na hewa huvuta kwa siku kwenye nyasi fupi zisizokosa maji, na Februari imeandikwa 5.2. Kc, ile namba ya zao unayozidisha na ETo, kwa nyanya ikiwa imekomaa na inazaa ni 1.15. Nikizidisha napata kama 6. Sasa hizo milimita 6 ndizo zimenikwamisha. Tangi langu linatosha ama nipunguze shamba kabla sijaingia hasara ya miche? Udongo ni ule mweusi wa Kano unaopasuka kiangazi.

DripuNaSola
Kaka usijisumbue na mahesabu mengi. Dripu hailoweshi shamba zima, inalowesha mkanda tu chini ya laini. Hapo ni kama thuluthi ya shamba. Kwa hivyo hata ukipata lita 6,000, unagawanya kwa tatu, unabaki na 2,000. Mche mmoja lita moja kwa siku, tangi lako linabaki na akiba. Nimefungia watu wengi hivyo.

Mama_Vitunguu_Njoro
Mimi niko Njoro na vitunguu, thumuni ya eka. Naweza kutumia hiyo 6 pia? Mwaka jana vilikauka ncha ingawa nilikuwa natia maji kila Jumatano na Jumamosi, tena mengi.

MzeeMfereji
Nimefanya kazi ya unyunyiziaji pande za Ahero hadi nikastaafu, ngoja nijibu polepole.

MkulimaNyando, milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi, hakuna uchawi mwingine. Robo eka ni mita za mraba 1,012, kwa hivyo milimita 6 ni karibu lita 6,000 kwa siku. Dripu nzuri bado hupoteza kidogo, tuseme asilimia 10, kwa hivyo ugawanye kwa 0.9. Unafika kama lita 6,700. Tangi likijazwa mara moja kwa siku halitoshi, ukichukulia shamba limefunikwa na majani kote. Hiyo "ukichukulia" nitairudia.

DripuNaSola, umeshika nusu ya jambo. Ni kweli mkanda ndio unaoloa. Lakini nyanya ikishakuwa kubwa, maji hayapotei kupitia udongo uliolowa, yanapotea kupitia majani. Jani halijui kama mzizi wake umelala kwenye mkanda mwembamba au kwenye shamba lote; jua likipiga, linavuta. Ukigawanya kwa tatu mwezi wa pili, mzizi unaulizwa lita tatu na wewe umeuletea moja.

Chukua mche mmoja. Laini ziko mita moja, miche kila nusu mita, kwa hivyo kila mche una nusu mita ya mraba. Milimita 6 juu ya nusu mita ya mraba ni lita 3. Lita yako moja ni sawa wiki za kwanza, wakati miche ni midogo na njia zote ni udongo mkavu. Hapo ndipo desturi hiyo ilipozaliwa, na hapo ndipo inapoishia.

DripuNaSola
Mzee heshima yako, lakini wateja wangu wanavuna.

MzeeMfereji
Wanavuna, sikatai. Waulize matunda mangapi yana kitako cheusi. Maji yakija kwa kuruka-ruka, chokaa haifiki kwenye tunda hata kama udongo unayo, na sehemu ya chini inaoza ikiwa bado kijani. Watu hukimbilia dawa, kumbe ni ratiba ya maji.

Mama Njoro, usiazime namba ya Kisumu. Njoro iko juu na ni baridi, hewa haivuti maji kama huku. Tafuta ETo ya kwenu kisha uzidishe na 1.05 vitunguu vinapojaza. Tena nadhani tatizo lako si kiasi. Mizizi ya kitunguu ni mifupi, maji mengi mara mbili kwa wiki yanapita chini yake. Gawanya kiasi hicho hicho katika siku nyingi zaidi, halafu uangalie ncha.

Msomi_wa_Udongo
Naomba kuingilia. Hiyo 1.15 ni ya nyanya iliyofunika ardhi. MkulimaNyando, utaziinua kwa nguzo na kamba, ama zitalala?

MkulimaNyando
Nguzo, mstari mmoja mmoja. Na njia katikati nitaacha kavu ili mchumaji apite.

Msomi_wa_Udongo
Basi 6,700 ni kubwa mno kwako. Simama saa sita mchana utazame kivuli. Nyanya za nguzo zenye njia ya kupita hufunika labda asilimia 65 ya ardhi. Kuna kanuni ya zamani ya dripu: gawanya kivuli kwa 0.85. Hapo ni 0.65 ÷ 0.85, kama 0.76. Milimita 6 × 0.76 ni 4.6. Lita 4,600, ongeza upotevu, unafika 5,100. Tangi lako karibu linatosha.

MzeeMfereji
Hiyo ndiyo "ukichukulia" niliyosema nitairudia, umenitangulia. Ila usimpe raha mapema. Mwongozo uleule wa FAO wa 1998 tunaochukua hizi Kc unasema nyanya za nguzo zikifika mita moja na nusu hadi mbili, Kc ipande hadi 1.20. Mmea mrefu unapigwa na upepo ubavuni, na njia kavu zinaurushia joto. Kanuni ya kivuli haioni hilo.

Msomi_wa_Udongo
Ndiyo, lakini 1.20 nayo ni ya shamba lililojaa majani, kwa hivyo bado unaizidisha na ile 0.76. Ukiweka zote mbili bado unapata kama 5,300.

MzeeMfereji
Labda. Mimi ningepanga maji ya 6,000 na nifurahi yakibaki. Wewe ungepanga 5,300 na uombe Mungu. Shamba ndilo litaamua nani kati yetu yuko sawa.

Omera_K
Mbona hamhesabu mvua? Februari hapa Kisumu kuna manyunyu.

MzeeMfereji
Omera, mwezi ukileta milimita 60, si zote zinafika mzizini. Kwa makadirio ya haraka ya mwezi wa mvua kidogo tunachukua 0.6 ya mvua kisha tunatoa 10. Hapo unabaki na 26, chini ya milimita moja kwa siku. Na huenda zote zikaanguka usiku mmoja, kisha wiki tatu za jua. Mvua itumie kufunga bomba siku ikinyesha. Usiitumie kununua tangi dogo.

MkulimaNyando
Asanteni. Na hiyo 5.2 naweza kuiamini? Karatasi haisemi ni ya mwaka gani.

MzeeMfereji
Ipime na joto la kwenu. Chukua joto la juu na la chini la kila siku kwa siku kumi, lipate wastani. Tuseme juu 30, chini 17, katikati 23.5. Huku kwenye ikweta, Ra ya Februari, yaani nguvu ya jua inayofika juu ya anga, ni kama 15.3 ukiiweka kwa milimita za maji kwa siku.

```
ETo = 0.0023 × (Tmean + 17.8) × sqrt(Tmax − Tmin) × Ra
ETo = 0.0023 × 41.3 × 3.61 × 15.3 = 5.2
```

Imelingana na karatasi yako, kwa hivyo sioni sababu ya kuitupa. Kanuni hii inatazama joto peke yake. Penye unyevu mwingi wa ziwa huelekea kukuza namba, na penye upepo mkali huipunguza. Usiibadilishe kwa sababu ya siku moja ya jua kali, ndiyo maana nimesema siku kumi.

DripuNaSola
Swali muhimu hamjauliza. Pampu inajaza tangi kwa saa ngapi? Kama sola inalijaza mara mbili, haya mabishano ya 5,100 na 6,700 yanaisha.

MzeeMfereji
Hilo ni swali zuri kuliko yetu yote.

MkulimaNyando
Jua likiwa zuri, saa tatu limejaa. Lakini kisima hushuka Februari, jirani huvuta mchanga mwezi huo. Sijawahi kupima kinarudisha maji kwa kasi gani.

MzeeMfereji
Basi namba ya kisima ndiyo unayoikosa, si ya nyanya. Pima sasa, halafu upime tena katikati ya Januari: vuta hadi pampu ianze kunyonya hewa, pumzika saa moja, uone tangi linapata lita ngapi ukivuta tena. Ukisikia harufu ya tope simamisha. Kama Januari kwa siku nzima unapata lita 5,000 tu, panda robo tatu ya eneo. Au panda nusu Desemba na nusu wiki tano baadaye, zisifike kilele pamoja.

Na kabla ya yote, dripu yako inatoa nini kweli? Paketi husema lita 1.6 kwa saa, lakini hiyo ni kwa shinikizo ambalo tangi lililoinuliwa kimo cha mtu halina.

MkulimaNyando
Nimeweka kikombe chini ya tundu dakika 12. Karibu na tangi mililita 200. Mwisho wa laini 120.

Msomi_wa_Udongo
Lita moja kwa saa mwanzo, na 0.6 mwisho. Wastani ni 0.8. Matundu yako kila sentimita 30 ni kama 3,300, kwa hivyo shamba linapata lita 2,600 kwa saa. Lita 5,100 ni chini ya saa mbili kwa saa ya ukutani. Lakini mche wa mwisho unapata robo pungufu ya wastani, na wa kwanza robo zaidi. Hesabu yetu yote ya Kc ni ndogo kuliko tofauti hiyo.

DripuNaSola
Hapo nakubaliana kabisa. Usiongeze saa, itazamisha wa mwanzo. Kata laini katikati, paipu kubwa ipite katikati ya shamba ilishe pande zote mbili. Kila laini inakuwa nusu ya urefu. Au inua tangi.

MkulimaNyando
Kuinua tangi ni nguzo na saruji, sitaweza msimu huu. Katikati nitaweza. Udongo mweusi nitajuaje nimezidisha? Juu hupasuka hata chini kukiwa na maji.

MzeeMfereji
Usitazame juu. Asubuhi, kabla ya kufungua maji, chimba kwa panga sentimita 25, kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Finya. Ukibana kati ya kidole gumba na cha shahada ukapata utepe laini unaorefuka, kuna maji. Ukikatika vipande vinavyong'aa kidogo, umefika wakati wa kutia. Ukinata mkononi na kunuka kama kinamasi, punguza siku hiyo. Jani likilegea saa saba mchana kisha likasimama jioni, tulia. Likiwa limelegea saa kumi na mbili asubuhi, umechelewa, au mizizi inazama. Ndiyo maana unachimba kwanza kabla ya kufungua bomba.

Mama_Vitunguu_Njoro
Na mimi nikichimba sentimita 25 kwa vitunguu?

MzeeMfereji
Mama, wewe ishia 15.