Naomba ushauri: faida iliyobaki ghalani katika mauzo ya kampuni dada

Ndugu wanajamvi, habari za kazi. Ninaandaa hesabu za pamoja za kampuni mama yenye kampuni tanzu mbili hapa Tanzania, ambapo moja hutengeneza maboksi na kumuuzia dada yake. Mwaka huu ankara zilifikia shilingi milioni 100 bila VAT, wakati maboksi hayo yaligharimu milioni 80, na hadi tarehe 31 Desemba robo yake ilikuwa bado ghalani kwa mnunuzi.

Nimepunguza mauzo kwa milioni 100, gharama za mauzo kwa milioni 95 na bidhaa ghalani kwa milioni 5, kwa kuwa faida hiyo kundi bado halijaipata kwa mteja wa nje. Mwenzangu anasisitiza kwamba zifutwe 100 kwa 100, jambo ambalo naona litaacha ghala limevimba.

Je, kodi iliyoahirishwa kwa hiyo milioni 5 niihesabu kwa asilimia 30? Pia, ongezeko la asilimia 25 juu ya gharama lilipangwa kwa mdomo tu. Kwa kuwa kufuta huku hakugusi hesabu za kodi za kila kampuni, ni vielelezo gani vitaithibitishia TRA kwamba wasio na undugu wangeuziana kwa bei hiyo?